Msikilizaji wa Nne

Vioo vya madirisha ya darasa letu vilikuwa bado sakafuni siku mwalimu wangu aliponipa kinasa sauti chake. Bomu lilikuwa limeanguka ng'ambo ya barabara siku mbili kabla, likaua mlinzi wa lango na mbuzi wake wawili. Damu ilikuwa imekauka kwenye ukuta wa nje, kwa sababu hakuna aliyejua ni kazi ya nani kuiosha. Mwalimu alikipangusa kiti kwa mkono wa koti, akakaa, akaniambia nisome mpango wa kazi yangu ya mwisho wa masomo.

Nilikuwa mwaka wa mwisho katika chuo cha ualimu hapa Goma, idara ya lugha. Nilitaka kujua kitu ambacho kila mtu wa mji huu anakifanya bila kukifikiria. Asubuhi mtu anasema "batu" akiwa na wenzake, saa nne anasema "watu" mbele ya karani wa ofisi, mchana anachanganya Kinande na mfanyabiashara wa Butembo. Nini kinambadilisha? Jibu la kwanza ni kwamba mtu anaupima ulimi wake kwa masikio yaliyo mbele yake: anamsogelea anayemsikiliza. Jibu la pili ni kwamba anajipima mwenyewe. Anayo picha ya mtu anayetaka kuwa, na kila saa anaongea kama yule wa kwenye picha, msikilizaji awe yeyote.

"Na wewe unaamini lipi?" mwalimu aliniuliza.

"La kwanza, profesa."

"Basi tafuta namna ya kulivunja. Ukishindwa kulivunja, ndipo utaliamini."

Alinifundisha jinsi ya kupima. Msemaji awe mmoja. Mahali pawe pamoja. Maswali yawe yale yale, kwa mpangilio ule ule, kwa sababu mtu akiulizwa habari za nyumbani huongea kama wa nyumbani hata akiwa mbele ya mgeni, na hapo huwezi kujua ni mada au ni msikilizaji aliyembadilisha. Kitu kimoja tu kibadilike: anayesikiliza. Halafu nihesabu. Mara ngapi anasema "mutu" na mara ngapi "mtu", mara ngapi "batu" na mara ngapi "watu", mara ngapi anaweka ile "-ka" yetu ya mwisho, "ninaendaka, anauzaka".

Msemaji wangu nilimpata Kituku, pale mitumbwi inapotua na samaki. Alikuwa mama wa miaka hamsini hivi, mnene, mwenye kovu la kuungua shavuni. Aliuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu, katika beseni la bluu. Alizaliwa kwenye vilima vya Masisi. Vita vya kwanza vilichoma nyumba yao na ndugu zake wawili wakiwa ndani, na lile kovu alilipata alipojaribu kufungua mlango. Hayo alinisimulia huku akimhesabia mteja chenji, bila kupunguza wala kupandisha sauti.

"Sasa unataka sauti yangu ya kufanya nayo nini?" aliniuliza. "Sauti haiuzwake."

"Ya masomo, mama."

"Nani ataisikiliza?"

"Mimi na mwalimu wangu. Basi."

Akafikiri kidogo, akasema sawa. Jibu lile nilimpa mimi, kwa mdomo wangu, na alilikubali kwa sababu nilikuwa na uso wa mtoto wa shule.

Wasikilizaji wa kwanza tulikuwa wawili. Mimi, mzaliwa wa Butembo, mwenye Kiswahili cha darasani. Na mwanafunzi mwenzangu, binti wa Masisi, ambaye kwao na kwa yule mama palitenganishwa na mto mmoja. Kila mmoja alimuuliza maswali yale yale kumi na mawili, saa ile ile ya asubuhi, kwenye gogo lile lile. Nilipokaa kusikiliza sikuamini masikio yangu. Kwangu mama alikuwa anasema "watu" karibu kila mara, na hata kunitupia maneno ya Kinande ambayo sikumwomba. Kwa binti wa Masisi zilikuwa "batu" tupu, na sentensi zilizorefuka na kuinama mwishoni kama za vilimani. Jirani yake mshona nyavu alipokaa karibu, bila hata kusemeshwa, mama alibadilika kidogo, ila si kama alivyobadilika kwa mtu aliyekuwa anaongea naye. Ndivyo ilivyotakiwa kuwa: anayesemeshwa anavuta zaidi, anayekaa pembeni anavuta kidogo.

Nilimpelekea mwalimu rekodi hizo kwa furaha. Akasikiliza hadi mwisho, akakohoa.

"Umejisikiliza wewe mwenyewe?"

Sikuwa nimejisikiliza. Akarudisha nyuma. Kufika swali la nane, mimi ndiye niliyekuwa nasema "mutu". Nilikuwa namfuata mama huku mama ananifuata mimi, kama watu wawili wanaopishana mlangoni.

"Na bado hujavunja kitu," akaendelea. "Hawa wote wawili anawapenda. Huenda anawafuata, huenda anajipenda akiwa mama mwema wa kila mtu. Tafuta mtu anayemsikiliza lakini yeye mama hataki kufanana naye. Hapo ndipo majibu mawili yanaachana. Na hata hapo uwe mwangalifu, kwa sababu anayejitenga na msikilizaji bado anamfikiria msikilizaji."

Wiki ile ile niliona mtu wa namna hiyo. Askari watatu walishuka Kituku kuchukua samaki bila kulipa. Mvuvi mmoja mzee alishika ndoo yake. Askari alimnyang'anya kasia na kumpiga nalo usoni, mara moja tu, na meno yakaanguka juu ya mchanga. Mama akanyanyuka na beseni lake, akaenda kwa yule askari akiinama. "Limbisa, papa," akamwambia kwa Kilingala, nisamehe baba, kwa sauti nyembamba ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Limbisa, kamata hizi." Wakachukua, wakaondoka. Mama akarudi, akamfunga mzee uso kwa kitambaa chake cha kichwani.

Nilirudi chuoni nikaandika katika daftari langu, kwa wino, orodha ya wasikilizaji. Wa kwanza: mwanafunzi wa Butembo. Wa pili: mwanafunzi wa Masisi. Wa tatu: ndugu zake wa kambini. Wa nne: askari. Baada ya neno lile nikaweka alama ya kuuliza.

Mwalimu aliliona. "Futa hilo," akasema. "Mtu haendi kupima samaki ndani ya mdomo wa mamba."

Nikasema ndiyo, profesa. Sikulifuta. Nilijiambia kwamba ile alama ya kuuliza inatosha.

Ndugu za mama walikuwa wakimbizi katika kambi ya upande wa Lac Vert, kwenye barabara ya Sake. Shangazi yake na wajukuu, chini ya turubai juu ya mawe meusi ya volkano. Tulikubaliana kwenda Jumamosi, mama awasalimie na mimi nimrekodi akiwa na wao. Binti wa Masisi alikataa kuja. Alisema barabara ile inanuka. Tulikodi gari la kijana wa mtaa wa mama, dereva wa teksi, mrefu, mwenye meno mazuri na mdomo usiopumzika. Njia nzima aliongea. Alimwongelesha polisi wa barabarani, mtawa aliyeomba lifti na mama muuza makaa kwa sauti moja, ile ile, ya kijana wa Goma anayejua kila kitu. Mwanafunzi aliye ndani yangu alimtazama akacheka: huyu hana msikilizaji.

Kambini tulikaa saa tatu. Shangazi alikuwa hana jicho moja. Nilirekodi vizuri. Mama aliongea na ndugu zake Kiswahili kilichojaa Kihunde, lugha ya vilima vyao, mpaka nikawa sielewi nusu, akacheka kicheko cha msichana. Saa nane mchana tulianza kurudi.

Kizuizi hakikuwepo asubuhi. Sasa mti ulikuwa umelazwa barabarani, na vijana kumi na wawili au kumi na tano wenye bunduki walikuwa wamekaa kando yake. Sitasema walikuwa wa kundi gani. Siku hizo kilima kilibadilisha wenyewe kati ya asubuhi na mchana, na sisi tuliokuwa njiani tulijifunza baada ya kufika. Pembeni, kwenye mtaro, alikuwa amelala mwanaume bila viatu, kifudifudi, na nzi walikuwa wameshamfikia.

Walitushusha. Walipekua mfuko wangu wakakuta kinasa sauti na daftari, wakampelekea kamanda wao aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki. Mtu wa makamo, mkavu, mwenye miwani. Alisoma daftari polepole akifuata mistari kwa kidole, kama anayesahihisha mtihani. Nilijua wakati ule ule kwamba amesoma, na kwamba kusoma kwake kutatuumiza.

"Munapima sauti za batu," akasema.

"Ni masomo, komanda. Ya chuo."

"Wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wa ine ni askari." Akaniangalia juu ya miwani. "Askari gani? Ni siye?"

Nilifungua mdomo kumjibu, na Kifaransa ndicho kilichotoka. Kifaransa cha kutetea mtihani, kilichopigwa pasi, chenye "mheshimiwa" na "iwapo utaniruhusu". Nimeshakifikiria kitendo kile miaka mingi. Nilikuwa mbele ya mtu aliyekuwa anaongea Kiswahili cha kwetu, bunduki iko kifuani kwangu, na kila kitu nilichokuwa nimeandika kuhusu watu kiliniambia nimsogelee. Sikumsogelea. Nilimkimbilia yule ninayetaka kuwa, msomi, mtu asiyepigwa. Kijana mmoja akanipiga kitako cha bunduki chini ya sikio, nikapiga magoti.

"Usijifanye muzungu hapa," akaniambia.

Kamanda akabonyeza kinasa sauti. Sauti ya mama ikatoka, akiwa na binti wa Masisi. Akasikiliza. Akasogeza mbele. Sauti ya mama ikatoka, akiwa na mimi. Akasogeza tena, mama na shangazi yake.

"Hapa kuko bamama batatu."

"Ni mmoja, komanda," nikasema, sasa kwa Kiswahili.

"Nani?"

Nilimwangalia mama kabla sijajua kwamba namwangalia. Ndivyo nilivyomsaliti.

Kamanda akamwita karibu. "Mama, weye ni nani?"

"Niko muuzishaji wa sambaza, baba."

"Wa wapi?"

"Wa Kituku."

"Kituku ni mahali pa kuuzishia. Mutu hazaliwake sokoni. Nakuuliza: katika hizi sauti tatu, yako ni gani?"

"Zote, baba."

"Mutu mwenye sauti tatu ni mutu mwenye mabwana batatu," akasema kamanda. Akageuka akawaita vijana wake watatu, mmoja mmoja. Kila mmoja alikuwa wa sehemu yake, na ilisikika walipoitikia. Akamsimamisha wa kwanza mbele ya mama. "Mwambie huyu bei ya sambaza."

Mama akamwambia. Kamanda akamwondoa kijana, akamleta wa pili. "Mwambie na huyu." Halafu wa tatu.

Swali lile lile. Mahali pale pale. Kitu kimoja tu kikibadilika. Alikuwa anafanya sawasawa kama nilivyofundishwa, na alifanya vizuri kuliko mimi, kwa sababu hakumsogelea yeyote.

Na mama alibadilika. Hata pale, hata akijua. Mbele ya kijana wa pili "watu" ikawa "batu". Mbele ya wa tatu, aliyeongea kama watu wa mpakani, akaingiza neno la Kinyarwanda bila kulitaka, na nikamwona akiuma mdomo baada ya kulitoa. Kila alipobadilika kamanda alimwashiria kijana mwenye fimbo ya mkaratusi, na fimbo ikatua mgongoni. Kisha miguuni. Alirudia duru tatu. Mama alijaribu kushika sauti moja. Nilisikia anavyojaribu, akisema polepole, akichagua kila neno kama anayevuka mto juu ya mawe. Lakini uso mpya ukija mbele yake ulimi ulikwenda wenyewe, na fimbo ilikuja.

Lazima niandike na hili. Nilikuwa nahesabu. Nikiwa nimepiga magoti, damu ikiniingia shingoni, kichwa changu kilikuwa kinahesabu "batu" na "watu". Kuna sehemu yangu iliyofurahi.

Duru ya tatu ilipokwisha kamanda alichoka. "Mutu akiumia kabisa anasemaka luga ya mama yake," akasema. "Tutasikia." Akamlazimisha mama aweke mkono wa kulia juu ya jiwe. Kijana akaupiga kwa kitako cha bunduki. Nilisikia mifupa. Akaupiga mara ya pili.

Mama akalia. Hakulia Kihunde, wala Kinyarwanda, wala lugha yoyote aliyokuwa anaingoja kamanda. Alilia Kiswahili cha Kituku. "Nakufa ee! Munaniua bure! Miye ni muuza samaki tu, munaniua bure!" Alilia kwa sauti ya kuita mitumbwi, sauti inayovuka maji. Kamanda akakunja uso. Alikuwa ameuliza swali na jibu halikumfaa.

Hapo ndipo dereva aliposema. Muda wote alikuwa amekaa chini mikono kichwani.

"Komanda, muachie huyu mama. Soko nzima inasemaka vile. Akisema kama muteja, anauzisha. Ni kosa gani?"

"Na weye? Weye unasema na siye vile unasemaka na nani?"

"Miye sina sauti mbili," akasema dereva. "Vile nasemaka na mama yangu, njo vile nasema na weye."

Alisema "na weye". Hakuna komanda, hakuna baba. Kijana aliyekuwa nyuma yangu akavuta pumzi. Kamanda akavua miwani, akaifuta kwenye shati, akaivaa, akatoa bastola, akampiga risasi ya tumbo.

Hakufa palepale. Ilichukua muda wa kuvuta sigara moja, kwa sababu kijana mmoja alivuta yake yote. Dereva alijikunja juu ya lami. Akaanza kuomba. "Baba, nisamehe. Baba komanda, nihurumie, miye ni mutoto wako." Sauti ilikuwa imekuwa nyembamba, imeinama, sauti aliyosema hana. Aliomba maji kwa heshima zote. Hawakumpa. Mama alitambaa kwa mkono mmoja mpaka kwake akamshika kichwa.

Milio ya silaha nzito ikaanza upande wa Sake. Vijana wakasimama. Kamanda akaongea kwenye redio yake, akatoa amri, wakapanda gari letu na wengine pikipiki zao. Alichukua kinasa sauti na daftari. Hakutuangalia tena. Kwake tulikuwa tumekwisha.

Tulimvuta dereva kando ya barabara tukamfunika kwa majani ya migomba. Hatukuweza kumbeba. Tulitembea kuelekea mjini, na njiani tulikuta watu wengine wanaokimbia, magodoro vichwani, mbuzi wakivutwa kwa kamba. Mama aliushika mkono wake uliovunjika kifuani kama mtoto mchanga. Tulipoona nyumba za kwanza akanigeukia.

"Uliandika askari," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Ulisema ni weye na mwalimu yako tu mutasikiliza."

"Ndiyo, mama."

Hospitalini alikaa wiki nne. Muuguzi wa zamu alikuwa mwanamke wa Masisi, wa kilima cha kwao kabisa, akamsalimu kwa Kihunde, akamwita dada. Mama akamjibu kwa Kiswahili cha Kituku. Siku iliyofuata vilevile, na iliyofuata. Yule muuguzi aliumia moyoni. Nilimuuliza mama kwa nini, nikijua kwamba sina haki tena ya kumuuliza chochote.

"Nikiongea naye Kihunde, niko mukimbizi," akasema. "Atanililia. Hapa nimelala kama mutoto, bananilisha na kijiko. Nabakisha kitu kimoja: miye ni mufanyabiashara wa Kituku."

"Na pale kwenye kizuizi? Ulipolia?"

Akaniangalia, akiona, nadhani, kwamba bado nauliza. "Pale nililia ili batu ya barabara basikie. Nyuma ya migomba kulikuwa batu bamejificha, nilibaona. Ningelia Kihunde, nani angejua ni binadamu wa soko yao anauawa?"

Nilimpelekea mwalimu yote hayo, kwa kichwa, maana daftari halikuwepo. Nilimwambia nimelivunja lile jibu la kwanza. Chini ya fimbo alimfuata msikilizaji hata pale kumfuata kulipomuumiza. Alipolia, alikuwa ameshachagua nani amsikie. Lakini kitandani, mbele ya mtu mwema wa kwao, alikataa kumfuata, akashika picha yake mwenyewe. Na mimi, mbele ya bunduki, nilikimbilia picha yangu. Basi yote mawili ni kweli, na jambo ni kujua lini lipi.

Mwalimu alinisikiliza akiwa amefumba macho.

"Ulichoona ni kweli," akasema. "Lakini si kipimo. Mwanamke mmoja aliyepigwa si kipimo. Ukiandika hayo kama matokeo, utakuwa umemaliza kazi ya yule kamanda." Akafumbua macho. "Nilikuambia ufute. Ningefuta mwenyewe. Nilikuwa na kalamu mkononi."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwona mwalimu wangu analia. Nilibadilisha kazi. Niliandika juu ya matangazo ya magazeti ya kanisa, maneno yaliyochapwa, yasiyo na koo, nikapata digrii yangu.

Kabla ya hapo nilikuwa na safari nyingine. Maiti ya dereva ililetwa siku ya tatu na watu wa Msalaba Mwekundu, na mama yake, aliyekuwa anaishi Kibati na binti zake, aliniita. Nilikwenda kwa miguu kwa sababu pikipiki zilikuwa zinaogopa. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti nzito kama ya mwanawe. Alinipa kiti, yeye akakaa chini kwenye mkeka wa matanga.

Alitaka kujua kama mwanawe aliumia. Nikasema kidogo. Alitaka kujua kama alikuwa peke yake. Nikasema kichwa chake kilishikwa na mwanamke wa rika la mama yake, na hiyo ilikuwa kweli.

"Alisema nini?" akauliza. "Neno ya mwisho."

Binti zake walikuwa wameacha kupepeta maharage. Nilimwangalia yule mama usoni. Nikamwambia alivyosimama, ingawa alikuwa amekaa, na nikamwambia lile neno: sina sauti mbili, vile nasemaka na mama yangu, njo vile nasema na weye. Nililisema kwa lafudhi yake, kwa kiburi chake. Nikaishia hapo.

Alitikisa kichwa taratibu. "Njo vile alikuwa," akasema. "Hata mbele ya padri alikuwa anakatala kuinama." Na akacheka kidogo, machozi yakimtiririka, akawageukia binti zake awarudishie neno lile, kisha akalirudia kwa jirani aliyekuwa mlangoni, na kila mara lilitoka kubwa zaidi.

Nilikunywa chai waliyonipa. Yale mengine, baba nisamehe, baba komanda, ninayajua mimi na mama wa Kituku peke yetu. Yeye alirudi kwenye beseni lake, anapima sambaza kwa mkono wa kushoto. Nikipita ananisalimu kwa Kinande, vizuri sana, kama anavyomsalimu mteja yeyote wa Butembo.